Kodi milioni 30, riba milioni 68: hesabu iliyotufanya tubaki wapangaji

Siku moja mwezi Januari nilikaa mezani na daftari la kodi, nikajumlisha. Tunaishi Tabata, vyumba vitatu na sebule, uzio na kisima, na kodi tunalipa kwa miezi sita kama wengi wa Dar. Mwaka 2020 na 2021 tulilipa 450,000 kwa mwezi. Mwaka 2022 na 2023 ikawa 500,000. Mwaka 2024 mwenye nyumba akapandisha hadi 600,000. Jumla ya miaka mitano ilikuwa shilingi milioni 30 kamili, bila kuhesabu kodi ya mwezi mmoja aliyochukua dalali tulipoingia.

Nilimwonyesha mume wangu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mama, hizi tumemjengea mtu." Wiki hiyohiyo tukaenda benki.

Nyumba tuliyoiona iko mtaa wa pili kutoka tunapokaa, ina vyumba vitatu na uzio, na umri wake unakaribiana na wa hii tuliyopanga. Nasisitiza hilo kwa sababu ndiko watu wengi wanakopotelea. Wanalinganisha kodi ya Tabata na bei ya nyumba ya Chanika, wanaona kununua ni rahisi, wanasahau nauli ya watu wanne na saa mbili za foleni kila asubuhi. Ukitaka kujua kupanga na kununua kipi bora, chukua nyumba za aina moja mahali pamoja. Ukitaka kuhamia mbali, linganisha pia na kodi ya huko mbali.

Muuzaji alitaka milioni 120. Akiba yetu ilikuwa milioni 26. Benki ilikuwa tayari kutoa asilimia 80 ya bei, yaani milioni 96, kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka inayohesabiwa kwenye deni lililobaki, kwa miaka 15. Rejesho lilikuwa 1,343,600 kwa mwezi. Kianzio chetu kingekuwa milioni 24, kwa hiyo tuliona tuna ziada ya milioni mbili. Afisa wa mikopo alituambia kwa upole, "Dada, chukulia hii ni kodi tu, tofauti ni kwamba mwisho wa siku nyumba inakuwa yako."

Niliomba barua yenye masharti ya mkopo nikaondoka nayo. Usisaini chochote, wala kumpa muuzaji kishika uchumba, kabla barua hiyo haijalala kwako angalau siku tatu.

Ziada yetu ya milioni mbili ndiyo iliyoanza kuyeyuka. Ada ya benki ya kushughulikia mkopo ilikuwa 960,000. Mthamini 450,000. Wakili 1,500,000. Ushuru wa stempu, ambao ni asilimia 1 ya bei, 1,200,000. Kusajili uhamisho wa hati na rehani, 600,000. Bima ya mwaka wa kwanza, 500,000. Jumla 5,210,000, na zote zinalipwa kabla hujapewa funguo. Ukiongeza kianzio unapata 29,210,000. Tulikuwa na milioni 26, na tulikuwa tumeshaanza kuongea kuhusu rangi ya kuta.

Kuna mtego mwingine hapohapo ambao bahati nzuri haukutukuta. Benki inakopesha kwa kuangalia bei au thamani aliyoandika mthamini, ile iliyo ndogo. Mthamini angeandika milioni 112, mkopo ungekuwa milioni 89.6, na kianzio chetu kingeruka kutoka milioni 24 hadi 30.4, huku muuzaji akiendelea kudai milioni 120 zake. Ndiyo maana makubaliano ya maandishi na muuzaji yanapaswa kusema kishika uchumba kinarudi endapo benki haitatoa kiasi fulani, na kiasi chenyewe kitajwe.

Sasa nije kwenye kilichotubadilisha mawazo. Yule afisa alisema rejesho ni kodi. Nikataka kujua, katika 1,343,600 za mwezi wa kwanza, ngapi zinanunua nyumba na ngapi zinapotea kama kodi inavyopotea. Hesabu yake ni nyepesi: deni milioni 96 mara asilimia 15, gawa kwa 12. Jibu ni 1,200,000. Hiyo ni riba. Kinachobaki kupunguza deni ni 143,600.

Soma tena namba hizo. Tulikuwa tunaikimbia kodi ya 600,000 isiyorudi, tukaingie kwenye riba ya 1,200,000 isiyorudi.

Riba inapungua kadiri deni linavyopungua, lakini miaka ya mwanzo inapungua polepole sana. Nilitengeneza jedwali kwenye simu. Mwisho wa mwaka wa kwanza tungekuwa tumelipa benki zaidi ya milioni 16, na deni lingekuwa limeshuka kwa milioni 1.85 tu. Mwisho wa mwaka wa tano tungekuwa tumelipa milioni 80.6, deni likiwa bado milioni 83.3. Yaani kati ya fedha hizo, karibu milioni 68 ni riba. Zile milioni 30 zilizotuuma Januari zilikuwa chini ya nusu ya hizo. Ukitaka kujifanyia, fungua jedwali lolote la simu au kompyuta, andika hivi, na ubadilishe namba ziwe zako:

```
=PMT(15%/12; 180; -96000000)
=CUMIPMT(15%/12; 180; 96000000; 1; 60; 0)
```

Ya kwanza inakupa rejesho, ya pili jumla ya riba ya miezi 60 ya mwanzo (inatokea na alama ya kutoa). Jedwali likikataa, weka koma badala ya nukta-mkato.

Mume wangu hakuridhika, na alikuwa na hoja nzuri. "Lakini nyumba inapanda thamani, na kodi nayo inapanda." Ni kweli zote mbili, kwa hiyo tukaziweka kwenye hesabu badala ya kubishana.

Tulianza na kodi. Kutoka 450,000 mwaka 2020 hadi 600,000 mwaka 2024 ni ongezeko la kama asilimia 7.5 kwa mwaka. Ikiendelea na mwendo huo, itachukua zaidi ya miaka 11 kuifikia 1,343,600. Mkopo wenyewe ni wa miaka 15. Na rejesho halikuwa la kudumu, kwa sababu ukurasa wa tatu wa ile barua ya benki ulisema benki inaweza kupitia upya kiwango cha riba. Riba ikienda asilimia 17, mkopo uleule unadai 1,477,000 kwa mwezi.

Kisha thamani. Tuliandika kila kitu ambacho kingepotea mwaka wa kwanza tukinunua: riba milioni 14.3, bima nusu milioni, matengenezo milioni 1.2 (nimeweka asilimia 1 ya bei, na kwa nyumba yenye kisima na paa la miaka kumi sidhani nimezidisha). Halafu faida ambayo akiba yetu ingeacha kuzaa. Fedha zetu ziko kwenye mfuko wa pamoja wa uwekezaji, na ili nisijidanganye nilihesabu asilimia 10, kama milioni 2.9. Jumla karibu milioni 18.9. Kodi ya mwaka ni milioni 7.2. Tofauti ni milioni 11.7, na hiyo ndiyo nyumba ilipaswa kupanda thamani mwaka ule ili tusipate hasara kwa kununua. Kwa nyumba ya milioni 120 ni karibu asilimia 10, na miaka inayofuata nayo isipungue sana.

Tabata inapanda asilimia 10 kila mwaka? Viwanja vya pembezoni, barabara ya lami inapofika, vinapanda hata zaidi. Nyumba iliyokwisha kujengwa, mtaa uliokwisha kujaa, sikuthubutu kuweka zaidi ya asilimia 5. Kwa asilimia 5, nikageuza hesabu ili nijue bei gani ingelingana na kodi yangu. Ilitoka kama milioni 67. Nilimpigia muuzaji kwa heshima zote nikamweleza uwezo wetu. Akasema, "Mwanangu, kwa hiyo bei nitakuuzia uzio." Simlaumu. Wanunuzi wa fedha taslimu wapo, na wao hawana riba ya asilimia 15 shingoni.

Hapo ndipo chanzo cha tatizo kilipo. Kodi ya mwaka ya nyumba ile ni asilimia 6 ya bei yake, na benki inataka asilimia 15. Pengo la namna hiyo halizibwi na kianzio kikubwa kidogo wala kwa kurefusha mkopo. Tulijaribu miaka 20: rejesho linashuka kwa kama 80,000 tu, na riba ya jumla inaongezeka kwa zaidi ya milioni 60. Kinacholiziba ni bei kushuka, riba kushuka, au kodi yako kuwa kubwa kweli kulinganisha na bei. Kama unalipa milioni 1.2 kwa nyumba ambayo ingeuzwa milioni 120, au mwajiri wako anatoa mkopo wa nyumba kwa riba ya asilimia 7 au 8, rudia hesabu hii kwa makini. Jibu lako linaweza kuwa tofauti kabisa na letu.

Hesabu haikumaliza kila kitu. Kilichomsumbua mume wangu zaidi ni mwenye nyumba kutuambia tuhame katikati ya muhula wa shule, na hofu hiyo ni halali. Kwa hiyo tuliipeleka kwa mwenye nyumba mwenyewe. Tuliomba mkataba wa miaka miwili, kodi isipande, notisi ya miezi mitatu. Tukaafikiana miezi 18 kwa 600,000 na notisi ya miezi mitatu, kwa maandishi, mbele ya wakili. Ilitugharimu 100,000.

Jambo la mwisho tulilofanya ndilo ningependa kila anayewaza mkopo alijaribu. Tofauti kati ya rejesho na kodi ni 743,600. Kama kweli tungeweza kulipa mkopo, basi tungeweza kuweka kiasi hicho kila mwezi siku mshahara unapoingia, na tukikiweka, hoja ya kwamba wapangaji hawajengi chochote inaisha. Tulianza Machi. Miezi mitano tuliweka yote. Miezi mitatu hatukuweza: ada ya shule, msiba Tanga, na gari kuharibika. Kila mmoja wa miezi hiyo tuliweka 390,000.

Jumla ya miezi minane ni 4,888,000, na akiba sasa ni milioni 30.9 kabla ya faida. Kwa mfuko wetu, ile miezi mitatu ni upungufu tu. Kwa benki ingekuwa malimbikizo ya zaidi ya milioni moja, adhabu juu yake, na barua yenye jina la nyumba tunayolala.