Jibu: Kujua silinda inayomisi kabla taa haijamemeteka

"Gari langu la silinda 4 linatetemeka kidogo likisimama kwenye foleni. Taa ya injini haijawaka, mashine ya kupima haisomi kodi ya hitilafu. Nianzie silinda ipi?"

Mkuu, achana na ukurasa wa kodi, fungua `Mode $06`, ukurasa wa matokeo ya vipimo ambavyo kompyuta ya gari hujifanyia yenyewe. Kompyuta ya injini hupima kasi ya krenki. Silinda isipochoma, krenki hupungua mwendo kidogo na kosa linaandikwa kwa silinda hiyo. `MID A2` ni silinda ya 1, `A3` ya 2, `A4` ya 3, `A5` ya 4. Ndani yake soma `TID 0C`, hesabu ya safari ya sasa au iliyopita. `TID 0B` ni wastani wa safari 10.

Taa humemeteka makosa yakifikia kiwango cha kuunguza katalisti ndani ya mizunguko 200 ya krenki. Chini ya hapo haimemeteki, na hesabu huweza kupanda kimya kimya.

Gari moja nililopima lilikuwa na 0 kote, ila `A4` ilisoma 57. Nikabadilishana koili ya 3 na ya 1, nikaendesha nusu saa: makosa yakahamia `A2`. Koili imekufa. Yangebaki `A4`, ningehamisha plagi, kisha noseli, halafu nipime kompresheni.

Usifute kodi kabla ya kusoma, hesabu nazo zinafutika. Na barabara ya makorongo huyumbisha krenki, kwa hiyo pimia kwenye lami.