Kufuta bakigraundi za picha za asali kwa mkupuo, na pale chupa inapokugomea

Hapa Tabora ukiwa na kamera na laptopu lazima mtu wa asali akutafute. Anakuja na maboksi ya chupa, anataka kila moja ipigwe peke yake kwenye bakigraundi nyeupe aweke wasapu na kwenye bango, na anataka kesho. Kukata moja moja kwa mkono utazeeka. Mimi natumia rembg, programu ya bure, ukishakuwa na Python kwenye mashine unaiweka hivi na inafuta folda nzima kwa amri moja:

```
pip install "rembg[cpu,cli]"
rembg p -m isnet-general-use ghafi safi
```

"ghafi" ni folda ya picha ulizopiga, "safi" ndiko zinakotokea PNG zilizokatwa. Mara ya kwanza itashusha modeli, ni zaidi ya MB 150 kwahiyo angalia bando, baada ya hapo inafanya kazi hata mtandao ukikata. Hiyo -m usiiache, maana ukiiacha inatumia u2net, na u2net kabla ya kuangalia picha yako inaipunguza mpaka pikseli 320 kwa 320, ikishaamua inavuta maski yake, yaani ramani ya kipi kibaki na kipi kifutwe, irudi kwenye saizi kubwa, ndo maana kingo zinatoka zimelegea kama zimesuguliwa na msasa. Isnet inaangalia kwa 1024 kwa 1024, kingo za kifuniko na lebo zinakaa vizuri zaidi.

Sasa ujue kitu kimoja, hii programu haijui chupa ya asali ni nini. Inatafuta tu kinachojitokeza mbele ya vingine kwenye picha. Chupa ikishikwa mkononi inakuachia mkono pia, na kifuniko cheupe mbele ya kitambaa cheupe inakikata kabisa, unabaki na chupa haina kichwa. Hilo dawa yake rahisi, weka manila ya kijivu nyuma badala ya nyeupe, nyeupe utaiweka mwenyewe baadaye.

Kinachosumbua kweli ni shingo ya chupa. Asali yenyewe nzito na ina rangi, haina shida, lakini pale juu kati ya asali na kifuniko kuna nafasi tupu ya plastiki angavu, na kupitia hapo unaona manila ya nyuma. Programu inalazimika kuamua, hiki ni chupa au ni nyuma? Mara inaiacha, unapata kipande cha kijivu kimeganda shingoni, mara inaitoboa, kifuniko kinaelea hewani. Na kwenye mkupuo mmoja chupa mbili zinazofanana zinaweza kutoka tofauti kwa sababu mwanga umehama kidogo. Kubadilisha modeli hakutibu hili, maana kwenye picha hapo kweli kuna vyote viwili, plastiki na manila.

Usikague kwenye bakigraundi nyeupe, tundu halitaonekana. Mimi natumia ImageMagick, nazimwaga zote kwenye karatasi moja ya rangi inayopiga kelele:

```
magick montage safi/*.png -background magenta -geometry 300x300+4+4 -tile 6x kagua.jpg
```

Magenta ikichungulia shingoni au katikati ya lebo unaiona hapohapo. Pia panga folda kwa ukubwa wa faili, ile PNG ndogo kupita wenzake kwa mbali mara nyingi imekatwa karibu yote.

Kwa oda kubwa ya chupa za aina moja ushauri wangu ni uachane na automatiki kabisa. Funga kamera kwenye tripodi, zima otofokasi, usiguse zumu, bandika tepu mezani ionyeshe kitako cha chupa kinakaa wapi, halafu piga zote. Chukua picha moja, chora maski kwenye GIMP kwa kifaa cha Paths, chupa nyeupe na nje nyeusi, saizi ileile ya picha. Maski hiyo moja inavalishwa zote, hii ni amri ya bash:

```
mkdir -p safi
for f in ghafi/*.jpg; do
  magick "$f" maski.png -alpha off -compose CopyOpacity -composite "safi/$(basename "$f" .jpg).png"
done
```

Uzuri wake ni kwamba shingo unaamua wewe. Kwenye maski ile sehemu tupu ya plastiki usiipake nyeupe, ipake kijivu, itakuwa nusu inapitisha, kwahiyo mteja akitaka bango la njano, njano itapenya kidogo shingoni kama plastiki ya kweli. Ndo maana tena nasisitiza manila ya kijivu na sio ya kijani au bluu, rangi ya nyuma iliyobaki ndani ya plastiki haitoki, na kijani shingoni mwa chupa ya asali inafanya asali ionekane imechacha.