Elektroni haikusukumwa na mtu

Kwa miaka kadhaa nilifundisha twisheni ya fizikia hapa Majengo nikieleza kanuni ya Heisenberg ya kutokuwa na uhakika, kwamba mahali na momenta ya elektroni haviwezi kuwa dhahiri kwa pamoja, kwa kusimulia darubini yake ya kufikirika ya mwaka 1927: ukiimulika elektroni ili uione ilipo, mwanga unaisukuma, na momenta yake, yaani tungamo mara kasi, inavurugika. Siku moja binti wa ndugu yangu akauliza, "Ami, na isipomulikwa?" Nilikosa la kumjibu. Tangu hapo nimeacha kuanzia kwenye darubini, nawe mwanafunzi nakushauri uanzie kwenye sauti.

Chukua kinanda cha taarabu, ushikilie noti moja ya hezi 440 kwa sekunde nzima, huku simu ikirekodi. Programu ya kuchora masafa itakuonyesha kilima chembamba, upana wake kama hezi 1. Sasa katika rekodi hiyohiyo kata kipande cha sekunde 0.01. Ndani yake mna mawimbi manne na kidogo tu, na kilima kinatanuka hadi kama hezi 100. Noti ya jirani, hezi 466, huwezi tena kuitofautisha nayo. Na kinanda hakuna aliyekigusa! Wimbi fupi halina masafa mamoja, kwa sababu ili lizimike pande zote mbili lazima mawimbi ya masafa mengi yajumlishwe. Hiyo ndiyo hesabu ya Fourier.

Kwenye nafasi, badala ya muda, hesabu ni ileile: mtawanyiko wa mahali mara mtawanyiko wa namba ya wimbi k, yaani 2π gawanya kwa urefu wa wimbi, haushuki chini ya 1/2. Fizikia inaingia mahali pamoja tu, kwa mlinganyo wa de Broglie: p = ħk, ambapo p ni momenta na ħ ni konstanti ya Planck gawanya kwa 2π. Zidisha kwa ħ, upate

Δx·Δp ≥ ħ/2

Mwanafizikia Kennard aliithibitisha hivi mwaka uleule wa 1927, bila kutaja darubini yoyote. Elektroni iliyobanwa kwenye mita 10⁻¹⁰, yaani kadiri ya atomu, inakuwa na Δp isiyopungua 5.3×10⁻²⁵ kg·m/s. Gawanya kwa tungamo lake, mtawanyiko wa kasi ni kama kilomita 580 kwa sekunde, hata kama hakuna anayeitazama.

Ukitaka kujua kama umeelewa, jiulize hivi. Tayarisha elektroni 2,000 kwa namna moja. Pima mahali pa 1,000, na momenta ya zile 1,000 nyingine. Hakuna hata moja iliyopimwa mara mbili, kwa hiyo hakuna kipimo kilichoharibu kingine. Mitawanyiko miwili utakayopata bado itatii kanuni. Anayeshikilia hadithi ya kusukumwa hukwama papa hapa.

Kusukumwa kwenyewe kupo, sikatai. Ila hilo ni swali jingine, lenye mlinganyo wake: mwaka 2003 mwanafizikia Ozawa alionyesha kwamba kosa la kupima mahali mara mvurugo wa momenta linaweza hata kushuka chini ya ħ/2, na kanuni ya Kennard ikabaki palepale.