Hip thrasti au skwati? Angalia kwanza mapaja yako

Kila mtu akitaka kujaza makalio anauliza ipi kali kati ya skwati, yaani kuchuchumaa na chuma mgongoni, na hip thrasti, yaani kuegemea benchi na kusukuma nyonga juu ukiwa na chuma, na ubishi wake jimu hauishi. Mimi nafanya zote na nimesaidia watu kadhaa kuzipanga, na jibu langu ni kwamba kwa makalio yenyewe tofauti ni ndogo kuliko mnavyodhani, kinachotofautiana sana ni kile kinachotokea kwenye mapaja.

Kuna utafiti ulitoka 2023, walichukua watu ambao hawakuwa na mazoea ya kunyanyua vyuma, kundi moja likapiga skwati tu na lingine hip thrasti tu kwa wiki 9, halafu misuli ikapimwa kwa picha za MRI. Makalio yalikua karibu sawa. Ila waliopiga skwati waliongezeka zaidi paja la mbele na la ndani. Hao walikuwa wapya lakini, kwa hiyo mtu wa miaka mingi jimu asiuchukue kama msahafu.

Sasa mbona hip thrasti unayasikia makalio yanawaka na skwati husikii kitu? Kwenye hip thrasti uzito unakubana zaidi ukiwa juu, nyonga zimenyooka na makalio yamejikunja kabisa. Skwati kazi ngumu iko chini, pale makalio yamevutika, ukifika juu umesimama tu unapumzika. Kuwaka sio kipimo cha kukua, msuli unaofanya kazi ukiwa umevutika nao unakua vizuri tu hata kama hauungui.

Ndio maana skwati ya nusu ni hasara kwa makalio. Kuna dada mmoja tunafanya naye mazoezi alinilalamikia, "mwenzangu mapaja yananijaa mpaka suruali zinanibana, huku nyuma bado flati". Nikasimama ubavuni kwake nikamwangalia, ana kilo 60 mgongoni na anaishia njiani, nyonga haijafika hata usawa wa goti. Tukashusha mpaka 40, visigino chini, ashuke mpaka mkunjo wa nyonga upite chini kidogo ya goti. Seti ya kwanza tu akasema hii ni skwati nyingine kabisa. Lakini mapaja alikuwa hataki yaongezeke tena, kwa hiyo nikamwambia skwati ibaki seti 2 kwa wiki, kazi kubwa ya makalio ihamie kwenye hip thrasti, seti 3 mara mbili kwa wiki, marudio 8 mpaka 12, aache akiwa bado anaweza kusukuma moja au mbili. Akifikisha 12 kwenye seti zote anaongeza kilo 2.5 kila upande.

Hip thrasti yenyewe watu wanaiharibu kwenye miguu. Ukingo wa benchi ukae chini kidogo ya mabega, chuma kwenye mkunjo wa nyonga na weka taulo nene au sponji maana bila hivyo utaacha kwa maumivu ya mfupa na sio kwa kuchoka, halafu ukiwa juu muundi wa mguu usimame wima. Ukisikia nyuma ya paja inakaza kama inataka kubana misuli, miguu iko mbali sana, isogeze. Ukisikia paja la mbele ndio linafanya kazi, iko karibu mno. Na kiuno kikiuma ni kwamba unakunja mgongo kwenda juu badala ya kunyanyua nyonga, hapo shusha kidevu kifuani, mbavu chini, ukifika juu kaa sekunde moja ndio ushuke. Ukishindwa kukaa hiyo sekunde uzito umekuzidi, hata kama umeupakia kwa mbwembwe mbele za watu.

Kwa hiyo mtu mwenye miguu miembamba anayetaka kujaa kote, au mwenye muda wa zoezi moja tu la miguu, apige skwati ya kushuka vizuri. Mwenye mapaja ya kutosha, au ambaye mgongo unachoka kabla ya makalio akibeba chuma, au ana mifupa ya paja mirefu kiasi kwamba akichuchumaa analala mbele kama anasujudu, hip thrasti itamfaa zaidi. Goti likikusumbua pia mara nyingi hip thrasti inavumilika, ila goti lililovimba lipeleke kwa daktari kwanza.

Ukitaka zote siku moja anza na skwati, kwa sababu inahitaji balansi na mgongo ambao haujachoka, hip thrasti ifuate ukiwa umelegea maana hapo umeegemea benchi na hata seti ikikushinda unashusha tu chuma chini.