Saa 6 usiku ya nani?

*Swali: "Mwalimu, niliwaandikia wenzangu wa Kigali na New York kwamba mwisho wa kutuma ripoti ni tarehe 5/6 saa 6 usiku. Kila mtu kaelewa lake. Niandikeje?"*

Dada, hapo kuna mitego miwili, tarehe na saa. Tarehe ni nyepesi, sisi 5/6 ni tano Juni, Mmarekani anasoma mwezi kwanza kwahiyo kwake hiyo ni Mei 6, we andika mwezi kwa jina na siku ya wiki: Ijumaa 5 Juni 2026. Siku na tarehe zikigongana mtu atashtuka na kuuliza mapema.

Saa ndo penyewe. Saa 6 usiku ni usiku upi, ule wa kuingia tarehe 5 au wa kutoka? Na huku Pwani wazee wetu wakisema usiku wa Ijumaa wanamaanisha Alhamisi jua likishazama, sasa hapo hata watu wa Dar wenyewe kwa wenyewe hawaelewani. Usiweke deadline saa hiyo kabisa.

Wengi wanadhani ukiandika kwa nukta mbili, mfano 09:00, umeshamaliza. Hapana! Matangazo yetu yanaandika "saa 3:00 asubuhi" kila siku na ni saa yetu ya Kiswahili, kwahiyo mtu wa Dar akiona 09:00 anaweza akasoma saa tisa mchana, na wa nje akiona saa 3:00 anaelewa alfajiri, saa sita nzima zimepotea. Namba zote kuanzia 1 mpaka 12 zina hatari hiyo. Ila Kiswahili hakina saa 13, kwahiyo ukichagua muda wa 13:00 kwenda mbele haiwezekani mtu akachanganya. Mi nakushauri 17:00, yaani saa 11 jioni, watu bado wako macho na ukiulizwa unajibu.

Halafu taja mji pamoja na UTC, ile saa ya dunia ya kulinganishia, usiseme "saa za huku". Sisi ni UTC+3 mwaka mzima, Kigali UTC+2 mwaka mzima, ila New York wanabadilisha, Juni ni UTC-4, Desemba ni UTC-5. 17:00 yetu toa 3 unapata 14:00 ya UTC, toa 4 unapata 10:00 ya New York. Ripoti hiyohiyo ikiwa ya Desemba kwao itakuwa 09:00, kwahiyo usikopi mstari wa zamani bila kupiga hesabu upya. Andika hivi:

```
Mwisho: Ijumaa 5 Juni 2026
17:00 Dar es Salaam (UTC+3), saa 11 jioni
16:00 Kigali (UTC+2)
10:00 New York (UTC-4), asubuhi
```

Neno "asubuhi" usilisahau hapo mwisho, maana kuna Mtanzania anakaa New York atasoma 10:00 kwa saa ya nyumbani akadhani ni jioni.