Usiguse BIOS kabla hujafungua Task Manager (mimi ilinigharimu kazi ya miezi saba)

> Wakuu, emuleta ya Android Studio inagoma kuwaka, inaniletea "The emulator process for AVD Medium_Phone has terminated". Nimekuta video, jamaa anasema niingie BIOS niwashe virtualization, nizime Secure Boot, halafu nimalizie na Clear TPM. Natumia Windows 11. Naingiaje huko BIOS? Na nikishamaliza nichague system image ipi, RAM niipe kiasi gani?

Mkuu, toa mkono hapo. Kama laptopu imewaka sasa hivi, iache iwake, na hiyo video ifunge.

Naijua. Kama si yenyewe basi ni pacha wake: muziki wa kelele, mshale wa kipanya unakimbia kama unafukuzwa, na mtu asiyesema neno hata moja kueleza kile anachokibonyeza kinafanya nini. Mimi niliifuata hatua kwa hatua, nikaisimamisha kila baada ya sekunde kumi ili nisikosee. Na kweli sikukosea. Nilifanya kila alichosema, ndiyo maana nililia.

Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, ingia Performance, kisha CPU. Chini ya mchoro, upande wa kulia, kuna mstari wa Virtualization. Ukisomeka Enabled, huna kazi yoyote BIOS. Prosesa yako tayari imeruhusiwa kuendesha mashine ndani ya mashine, na tatizo lako liko kwingine kabisa. Ni sekunde tano. Mimi sikuzitumia, na wangu ulikuwa Enabled tangu siku ya kwanza.

Niliona ujumbe uleule unaouona wewe. Angalia vizuri, huo ujumbe hausemi lolote kuhusu BIOS. Unasema tu kwamba emuleta imekufa. Ni kama kuambiwa mgonjwa amefariki bila kuambiwa alikuwa anaumwa nini. Lakini video ilikuwa na uhakika, na mimi nilikuwa na haraka, basi nikaingia. VT-x, yaani virtualization ya Intel, nikaikuta imewashwa. Mtu mwenye akili timamu angetoka hapo hapo. Mimi nikajiambia labda hatua zinazofuata ndizo zenye dawa, nikazima Secure Boot, kisha nikaenda kwenye Clear TPM. Mashine yenyewe ikaniuliza kama nina uhakika. Nikajibu ndiyo, kwa kujiamini kabisa, kama mtu anayejua anachokifanya.

Ilipowaka, sikuona Windows. Niliona skrini ya buluu ya BitLocker inayotaka ufunguo wa tarakimu 48.

Hapa nieleze taratibu maana ndipo watu wengi wanapoangamia. Laptopu nyingi za Windows 11 diski yake imesimbwa hata kama hujawahi kusikia neno BitLocker. Mtu anapoingiza akaunti ya Microsoft wakati wa kuiandaa mara ya kwanza, usimbaji unakamilika kimyakimya na ufunguo wa akiba unatumwa kwenye akaunti hiyo. Siku za kawaida huombwi chochote kwa sababu ufunguo wa kufungulia diski unalindwa na TPM, chipu ya usalama iliyomo ndani ya mashine. TPM hutazama jinsi mashine ilivyowaka: ikiona hali ni ileile iliyoizoea, inafungua, ikiona kimebadilika kitu, inagoma na kukudai zile tarakimu.

Kuzima Secure Boot ni mojawapo ya mabadiliko hayo, ila hilo linarekebishika. Ukikutana na skrini ya buluu baada ya kuizima, rudi BIOS, iwashe tena kama ilivyokuwa, na kwa kawaida mashine inafunguka bila kukudai tarakimu hata moja, kwa sababu TPM imeiona tena hali inayoijua. Clear TPM haina kurudi nyuma. Hiyo haibadilishi mpangilio wa mlango, inayeyusha ufunguo uliokuwa ndani. Mimi baada ya kuona buluu niliirudisha Secure Boot mara tatu huku nasali, na kila mara skrini ikanijibu vilevile. Na hicho kitufe hakina uhusiano wowote na emuleta. Hakuna. Hata leo sijui yule jamaa alikiweka kwa sababu gani, labda video ilikuwa fupi na alitaka kujaza muda.

Basi nikaingia kwenye akaunti yangu kutafuta ufunguo. Haupo. Kumbe aliyeniandalia hiyo laptopu ilipokuwa mpya alitumia akaunti yake ili amalize haraka, kisha akaniongezea yangu baadaye, kwa hiyo ufunguo ulienda kwake. Nikampigia. Akasema hiyo akaunti alishaisahau hata jina lake, halafu akanishauri nijaribu "kubahatisha". Tarakimu 48, anataka nibahatishe! Ningeanza siku ile, wajukuu zangu wangekuwa bado wanaendelea.

Nikafuta diski yote. Miezi saba ya msimbo wa programu niliyokuwa naiandika ikaenda, pamoja na picha ambazo sizisemi hapa. Najua mnachotaka kuuliza, sikuwa na bakapu. Tuendelee.

Sasa sikilizeni kinachouma zaidi. Nikaweka Windows upya, nikaweka Android Studio, emuleta ikawaka mara ya kwanza tu. Nikaamini video ilikuwa sahihi! Nikaenda hadi kuisifia kwenye komenti, Mungu anisamehe. Miezi mitatu baadaye ujumbe uleule ukarudi. Safari hii sikuwa na moyo wa kugusa BIOS, nikafungua Terminal na kuiwasha emuleta kwa mkono, maana ukiiwasha hivyo inataja sababu yenyewe:

```
cd %LOCALAPPDATA%\Android\Sdk\emulator
emulator -list-avds
emulator -avd Medium_Phone
```

(Hiyo ni ya Command Prompt. Jina la mwisho badilisha liwe lile utakalolikuta kwenye orodha.) Katikati ya maneno mengi ukatokea mstari wa aina hii:

```
Not enough space to create userdata partition. Need 7372.800000 MB
```

Diski imejaa. Basi. Emuleta ilitaka kama 7.2 GB za kuhifadhia data ya simu ya bandia, na mimi nilikuwa na GB 3 na kitu. Ndilo lililokuwa tatizo hata mara ya kwanza. Kufuta diski nzima "kulitibu" kwa sababu kulinipa nafasi. Nilichoma nyumba kuua panya, na panya alikufa kweli.

Kwa hiyo kabla ya yote endesha hizo amri tatu usome inachosema. Ikiwa ni nafasi, ingia SDK Manager ufute system image za zamani ambazo huzitumii, kila moja inakula gigabaiti kadhaa, na futa simu za bandia ulizoziacha. Kama una diski nyingine yenye nafasi, zihamishie huko simu za bandia kwa kuweka `ANDROID_AVD_HOME` kwenye environment variables.

Kama nafasi ipo, uliza swali la pili hapo hapo kwenye folda ya emuleta:

```
emulator -accel-check
```

Ikijibu kwamba WHPX, yaani Windows Hypervisor Platform, "is installed and usable", upande wa prosesa uko salama na nakukataza BIOS kwa mara nyingine. Ikikataa na huku Task Manager inasema Enabled, nenda "Turn Windows features on or off", weka tiki kwenye Windows Hypervisor Platform, kisha uwashe mashine upya. Hilo liko ndani ya Windows, halina hatari ya diski. Na mtu akikuambia uweke HAXM, kiharakishi cha zamani cha emuleta, muulize amelala tangu lini, Intel wenyewe waliacha kuiendeleza mwaka 2023.

Kuna wanaotumia `systeminfo` halafu wanaogopa wakikuta "A hypervisor has been detected". Hilo si kosa. Linamaanisha kuna kitu tayari kinautumia huo uwezo, kwa hiyo umewashwa.

Imebaki hali moja tu inayokupa ruhusa ya kuingia BIOS: Task Manager imesema Disabled. Hata hapo, ufunguo kwanza. Fungua Command Prompt kama administrator:

```
manage-bde -status C:
manage-bde -protectors -get C:
```

Amri ya kwanza inakwambia kama diski imesimbwa. Ya pili ndiyo ya thamani: chini ya Numerical Password itakuonyesha zile tarakimu 48, palepale, bila kumpigia mtu simu. Ziandike kwenye karatasi. Karatasi, mkuu! Usizihifadhi kwenye faili ndani ya diski hiyohiyo, ni sawa na kufungia ufunguo wa gari ndani ya gari. Mimi ningeijua hii amri siku moja kabla, leo ningekuwa nawacheka wengine badala ya kuchekwa.

Kisha usimamishe ulinzi kwa muda, ndipo uingie:

```
manage-bde -protectors -disable C: -RebootCount 0
shutdown /r /fw /t 0
```

Hiyo ya pili inakupeleka BIOS moja kwa moja, huna haja ya kugombana na F2 wala Delete. Ikileta kosa la 203, irudie, mara nyingi ya pili inakubali. Ukifika, kwenye Intel tafuta Intel Virtualization Technology au VT-x, kwenye AMD tafuta SVM Mode. VT-d ni kitu kingine, iache. Geuza hicho kimoja kiwe Enabled, hifadhi, toka. Secure Boot usiiguse, Legacy usiiguse, Load Defaults usiiguse, na ukikiona kitufe cha Clear TPM kipe salamu zangu upite. Ukirudi Windows, hakikisha Task Manager sasa inasema Enabled, kisha rudisha ulinzi:

```
manage-bde -protectors -enable C:
```

Mashine ikikuonyesha bado Disabled ingawa umehifadhi, izime kabisa uiwashe. Kuna ambazo hazikubali mabadiliko kwa kuwashwa upya tu.

Sasa leta hapa vitu viwili: mstari wa Virtualization unasomekaje, na emuleta imesema nini ulipoiwasha kwa mkono. Usiniletee kiungo cha video nyingine.