Insha ya Tafakuri kwa Jalada la Mwalimu: Anza na Madaftari ya Wanafunzi

Insha nyingi za tafakuri ninazosoma katika majalada ya walimu husema kwamba somo lilienda vizuri, wanafunzi walishiriki, kisha andalio likaboreshwa. Msomaji haoni kilichobadilika wala sababu yake. Mimi nashauri uchague somo moja tu na ulifuate tangu shabaha hadi swali la mwisho la zoezi. Nitaeleza nilivyoandika kuhusu somo langu la kulinganisha sehemu zenye asili tofauti, kipindi cha dakika 40.

Andalio la kwanza lilikuwa na shabaha hii: mwanafunzi aweze kutaja sehemu kubwa kati ya sehemu mbili. Wanafunzi walikunja vipande vya karatasi, nikawaonyesha namna ya kutafuta asili moja kwa kigawe kidogo cha shirika, kisha wakafanya maswali kumi. Katika insha nilieleza kwa nini nilipanga hivyo: nilitaka waone ukubwa wa sehemu kwa macho kabla ya kuukokotoa. Usiiruke hatua hii. Asiyejua ulichokusudia hawezi kupima ulichokibadilisha.

Majibu mengi yalikuwa sahihi, na mtu angeweza kuridhika. Lakini wakati wa kusahihisha niliwauliza baadhi yao wamepataje jibu. Kwa swali la 2/5 na 7/8, mmoja alisema 7/8 ni kubwa kwa sababu 7 na 8 ni namba kubwa. Mwingine alisema 2/5 imepungukiwa na 3 ili ifike kizima, na 7/8 imepungukiwa na 1, kwa hiyo 7/8 ni kubwa. Wote wawili wamepata alama, na njia zote mbili ni mbovu. Wa pili alihesabu vipande vilivyopungua bila kujali ukubwa wa kipande chenyewe. Nilipopitia zoezi upya niliona kwamba maswali mengi yalikuwa ya namna hiyo: njia mbovu inafika penye jibu sahihi.

Hapo ndipo insha ilipopata uzito, na hapo ndipo nilipoandika kwa kirefu kuliko kwingine. Nilichagua jozi upya kwa kujiuliza kila mara: mwanafunzi anayefikiri vibaya atajibu nini hapa? Jozi ya 3/5 na 4/9 inamnasa anayefuata namba kubwa, kwa kuwa atasema 4/9, ilhali 3/5 inazidi nusu na 4/9 haifiki nusu. Jozi ya 2/3 na 7/9 inamnasa anayehesabu upungufu. Yeye ataona 2/3 imepungukiwa na 1 na 7/9 imepungukiwa na 2, atachagua 2/3. Kumbe 2/3 ni sawa na 6/9. Kwa 3/4 na 5/6 mtu huyohuyo atasema zinalingana, ingawa zikiwekwa kwenye asili ya 12 zinakuwa 9/12 na 10/12.

Shabaha nayo ikabadilika: alinganishe sehemu mbili na aeleze sababu kwa mchoro au kwa maneno. Maelezo yanakula muda, kwa hiyo maswali kumi yakawa manne. Vipande vya karatasi nikavileta vikiwa vimeshagawanywa, maana kukunja karatasi katika sehemu tatu au tano zilizo sawa ni kazi ngumu kwa mtoto, na dakika zilikuwa zikiishia kwenye kukunja badala ya kulinganisha. Kila badiliko nililiandika pamoja na ushahidi uliolisababisha. Badiliko lisilo na ushahidi nililitoa kwenye insha hata kama nililipenda.

Ambatisha maandalio yote mawili, la kwanza likiwa kama lilivyokuwa, pamoja na kurasa mbili tatu za madaftari. Funika majina ya wanafunzi na uombe ruhusa kwa utaratibu wa shule yako.

Kuhusu matokeo, andika kile tu ambacho ushahidi unakibeba. Andalio jipya nililifundisha kwa mkondo mwingine, kwa hiyo sikuandika kwamba wanafunzi waliongezeka uelewa kwa sababu yake. Niliandika kwamba safari hii makosa yalionekana kipindi kikiwa bado kinaendelea, nikaweza kuweka kipande cha theluthi mbili juu ya kipande cha 7/9 mbele ya aliyekosea, akaona mwenyewe kilichozidi. Niliandika pia lililobaki: wapo waliotafuta asili moja bila kukosea, lakini walipoulizwa kama 4/9 inafika nusu, walianza kukokotoa upya badala ya kuona kwamba nusu ya 9 ni 4 na nusu. Hilo limeingia kwenye utangulizi wa andalio la tatu, kama maswali ya kujibu kwa mdomo kabla ya kugusa kalamu.